Damu ya mzee ikageuka pinki: filta ya simu au mkono wako mwenyewe?

Leo naanza na hasara yangu mwenyewe, maana nimeshaona wengi tunagombana kuhusu filta kama vile ni jambo la urembo tu. Mie limenigusa mfukoni.

Wiki chache kabla ya Idi nilishona gauni la darizi kwa kitambaa cha krepu, rangi ya damu ya mzee, na mtandio wake. Nashonea nyumbani hapa Dodoma, na wateja wangu wengi nawapata kwa picha za simu. Nikalivaa mwenyewe, nikasimama mlangoni, nikajipiga selfi mbili tatu, nikaweka statasi. Picha ilitoka nzuri mpaka nikajipenda: uso unang'aa, ngozi kama ya mtoto mchanga, macho makubwa. Usiku ule ule dada mmoja wa Mwanakwerekwe, Unguja, akaniandikia: "Dada, nataka kama hilo hilo na rangi hiyo hiyo, langu na la mdogo wangu." Akatanguliza nusu ya pesa. Nikashona magauni mawili, nikayafunga vizuri, yakapanda basi mpaka Dar es Salaam, yakavuka kwa boti.

Yalipofika, simu ikalia. "Dada, mie niliagiza pinki iliyokolea. Ulichonitumia ni damu ya mzee."

Nikataka kubisha. Nikachukua kipande cha kitambaa kilichobaki, nikaenda nacho dirishani, nikafungua ile picha na kuweka simu pembeni yake. Yule dada alikuwa na haki. Sehemu ya mtandio iliyozunguka uso wangu ilikuwa pinki kabisa, na kadiri unavyoshuka kwenda kiunoni rangi inarudi kuwa ya kweli kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nimeutazama uso wangu tu, sikuiangalia nguo. Nikarudisha pesa, na magauni yakakaa kabatini mpaka nikayauza kwa bei ya kutupa.

Wiki hiyo hiyo mama yangu akanipigia kuhusu picha hiyo hiyo. "Mwanangu, kovu lako limekwenda wapi?" Nina kovu juu ya nyusi ya kushoto, nilianguka kwenye bembea nikiwa na miaka sita. Sikuwa nimelifuta, sikuwa nimegusa chochote kwenye ile picha. Lilikuwa limeondoka lenyewe.

Hapo ndipo nilipofungua kamera ya mbele na kuangalia vizuri. Kwenye pembe ya kioo kuna alama ya uso yenye nyota, ukiibonyeza inaandika Beauty. Yangu ilikuwa imewashwa, zaidi ya nusu ya mstari, na sina kumbukumbu ya kuiwasha. Simu ilikuja nayo hivyo kutoka dukani. Naomba kila anayesoma hapa afungue kamera yake ya mbele sasa hivi na kutazama, kwa sababu simu nyingi tunazonunua kwa bei zetu zinakuja hivyo. Tazama upande wa picha za kawaida, halafu tazama na upande wa Portrait, maana simu nyingine zina mistari miwili tofauti, unazima mmoja na mwingine unabaki. Na ukisasisha simu, rudia tena kutazama.

Nieleze kidogo filta inafanya nini, kwa sababu ukijua utaona kwa nini nguo yangu ilibadilika. Kwanza inatafuta uso: macho, pua, mdomo, ukingo wa taya. Halafu inatafuta ngozi. Filta nyingine huitambua ngozi kwa rangi yake, yaani kila kilicho karibu na uso na kinachoelekea wekundu au kahawia kinachukuliwa kuwa ngozi. Kisha inalainisha, yaani inachanganya rangi za vitone vilivyo jirani mpaka tofauti ndogo zipotee. Chunusi inapotea, lakini na vinyweleo vinapotea, na kovu, na kidoto cha kuzaliwa. Halafu inaongeza mwanga pale ilipoona ngozi. Damu ya mzee ni nyekundu iliyoingia kahawia, imekaa shingoni na mashavuni kwangu. Ikasombwa pamoja na uso. Kama ningevaa mtandio wa kijani, huenda nguo ingenusurika na mie nisingejua kitu mpaka leo.

Jambo baya zaidi ni kwamba filta ya kamera inapikwa ndani ya picha wakati unabonyeza. Hakuna picha ya asili iliyobaki nyuma. Ukishaona kosa huwezi kurudi, kama kitambaa kilichokwisha kukatwa. Ndiyo sababu ninasema, kwa anayetaka selfi ya kawaida inayofanana na yeye, kurekebisha kwa mkono kunaishinda filta. Siyo kwa sababu mkono ni mtakatifu. Ukirekebisha mwenyewe unajua umegusa wapi, na unaweza kurudi nyuma.

Lakini kabla ya kurekebisha, kuna makosa ambayo tunayalaumu kwenye nyuso zetu na ni ya kamera. La kwanza ni umbali. Tunashika simu karibu mno. Madaktari wa Marekani walichapisha hesabu yao mwaka 2018: uso ukipigwa kutoka sentimita 30, pua inaonekana pana kwa takribani asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Pua yako haina kosa. Kitu kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa, na pua ndiyo imetangulia. Watu wanaona picha hiyo, wanakimbilia filta ya kupunguza pua na kuchonga taya. Mie siku hizi naiegemeza simu kwenye cherehani, naweka saa ya sekunde kumi, narudi nyuma hatua mbili, halafu nakata pembeni baadaye.

La pili ni mwanga, na hapa wenzangu wa Dodoma mnanielewa. Jua la saa sita mchana huku linapiga wima. Chini ya macho kunakuwa na mashimo meusi, na mtandio unaongeza kivuli kwenye paji. Msimu wa kiangazi, upepo unapovuma, kioo cha kamera kinashika vumbi jekundu juu ya mafuta ya vidole, na picha inatoka na ukungu kama umeitia maziwa. Nilikuwa nadhani ngozi yangu imepauka. Nikafuta kioo kwa kipande cha pamba, ngozi ikarudi.

Mimi napiga kuanzia saa kumi alasiri, nikiwa barazani ndani ya kivuli, nimeelekea nje kwenye uwazi wa anga. Mapajani naweka popilini nyeupe iliyokunjwa, ile ya kutengenezea bitana. Inarudisha mwanga chini ya kidevu na kwenye macho, weusi wa chini ya macho unapungua nusu bila kugusa chochote. Bila ile popilini, mwanga unaorudi usoni ni wa udongo wetu mwekundu, na uso unatoka na rangi ya tofali.

La tatu, wanaovaa buibui jeusi sikilizeni. Kamera inapoona weusi mwingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga kwenye picha nzima, na uso unapauka. Ukivaa mtandio mweupe inafanya kinyume, uso unazama. Bonyeza uso wako kwenye kioo na kidole kikae kidogo, halafu shusha au pandisha alama ya jua inayotokea pembeni mpaka rangi ya shavu ifanane na rangi ya mgongo wa mkono wako.

Sasa niwaeleze ile picha niliyoipiga upya, nguo ile ile. Beauty imezimwa, saa kumi na nusu, kivulini. Nilikuwa na chunusi mbili kidevuni na moja shavuni, macho ya mtu aliyekesha kwenye cherehani, na kovu langu. Ninatumia Snapseed kwa sababu ni ya bure na haiweki matangazo, na mwenzangu akitumia nyingine vifaa ni vile vile kwa majina yanayokaribiana.

Nilianza na White Balance, siyo uso. Rangi ikiwa imepotoka, kila utakachofanya baadaye kitapotoka nayo. Kuna alama ya kidondoshea, unaipeleka juu ya kitu unachojua ni cheupe kweli. Ukingo wa popilini ulikuwa unaonekana chini ya picha, nikaipeleka pale. Picha ikapoa kidogo, wekundu wa udongo ukatoka. Nikashika kipande cha kitambaa pembeni ya simu kulinganisha: damu ya mzee. Alhamdulillah.

Halafu Healing kwa zile chunusi. Hiki hakina mstari wa kuongeza wala kupunguza. Ukubwa wa kidole chako unategemea umeikuza picha kiasi gani. Wengi wanakosea hapa. Wanagusa picha ikiwa ndogo, kidole kinafunika nusu ya shavu, na programu inachukua ngozi ya mbali kuja kuziba. Unabaki na doa la rangi tofauti, kama kiraka cha kitambaa cha jora jingine. Kuza mpaka chunusi iwe kubwa kama punje ya dengu, gusa mara moja, punguza, tazama. Ikikataa, rudisha nyuma na uguse tena.

Kovu sikuligusa. Nina kanuni niliyojiwekea na sasa naona wapiga picha wengi wanafuata inayofanana nayo: kitu ambacho baada ya wiki mbili hakitakuwepo usoni, unaweza kukifuta, kitakachokuwepo, kinabaki. Chunusi inaondoka. Kovu, kidoto, mwanya na mistari ya kucheka ni vyangu.

Mwisho, macho. Nikachukua Selective, nikagusa chini ya jicho moja, nikabana vidole viwili mpaka duara likawa dogo la kutosha eneo lile tu, nikapandisha Brightness mpaka 12. Jicho la pili 10, kwa sababu lilikuwa upande wa mwanga. Siyo zaidi. Ukifika 30 na kitu unapata miduara miwili myeupe kama mtu aliyevua miwani ya jua. Weusi wa chini ya jicho hauondolewi wote. Kila uso una kivuli pale, na ukikifuta jicho linaonekana limebandikwa.

Nikaishia hapo. Dakika sita hivi. Nikaiweka simu chini, nikashona upindo mmoja, nikarudi kuitazama kwa jicho jipya. Kupumzisha jicho kuna maana, kwa sababu ukitazama uso wako kwa muda mrefu, kila kitu kinaanza kuonekana kosa. Nilipoitazama tena niliona jicho moja limezidi. Kwenye Snapseed kuna View edits, inakupa orodha ya kila ulichofanya, unagusa hatua moja tu na kuipunguza bila kubomoa nyingine. Nikalishusha la 12 likawa 8. Nikahifadhi nakala, ya asili ikabaki.

Kosa moja nililifanya mwanzoni niwaonye nalo: nilikuwa narekebisha usiku kitandani, simu ikiwa kwenye ule mwanga wa njano wa kupumzisha macho. Kioo kina njano, basi mie napunguza njano. Asubuhi nafungua, nimekuwa wa bluu kama maiti, astaghfirullah. Zima mwanga huo kwanza, na kioo kiwe kwenye mwanga wa kati.

Rafiki yangu ana saluni hapa mjini, yeye ni mtu wa filta na hajifichi. Nilipomsimulia haya akacheka. "Shoga, nani ana dakika sita? Mie natuma picha ishirini kwa siku." Ana hoja, siwezi kumkatalia. Tena video huwezi kuirekebisha kwa kidole, chunusi moja inatembea na uso. Na akaniambia jambo jingine lililonifanya ninyamaze: kuna msichana anayekuja kwake, uso umejaa chunusi za kuuma, na filta ndiyo inayompa ujasiri wa kujitokeza kwenye picha ya darasa. Sitamcheka msichana huyo, na wala sitamwambia akae anagusa chunusi arobaini moja moja.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi, mie na yeye. Kama ni lazima filta, fungua ndani yake. Nyingi zina mistari kadhaa: kulainisha, kung'arisha ngozi, kukuza macho, kupunguza uso. Kung'arisha kuwe sifuri. Macho na uso sifuri. Kulainisha pandisha mpaka uone tofauti, halafu rudisha nyuma mpaka usiione tena, acha hapo. Kisha kagua: nyusi zina nywele moja moja au zimekuwa mstari wa kalamu? Fremu ya mlango nyuma ya taya imenyooka au imepinda? Shingo na mkono vina rangi moja na uso? Ukiona mlango umepinda, ujue taya limechongwa, na kila mtu anaona isipokuwa wewe.

Tusichokubaliana ni picha za biashara. Yeye anasema mteja wa saluni anajua picha imepambwa. Mie nasema hapana. Tangu chuoni tulifundishwa kwamba kasoro ya bidhaa huonyeshwa mnunuzi, na uso uliopakwa vipodozi vya saluni ni bidhaa sawa na gauni langu. Msichana anakuja na picha, anasema nataka hivi, na hivyo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuvipaka. Huko Norwei wameweka sheria tangu Julai 2022: tangazo lenye mwili au ngozi iliyobadilishwa kwa kurekebisha picha linatakiwa libebe alama ya kusema hivyo. Sisi hatuhitaji kungoja sheria kuandika mstari mmoja chini ya picha.

Na msimamo wangu huu haukutoka kwenye magauni tu. Nina binti ninayemfundisha kushona, ana miaka kumi na tisa, mweusi mzuri wa kung'aa, Mgogo wa hapa hapa. Nilikuwa nampiga picha na nguo zangu kwa simu ile ile, kabla sijajua habari ya Beauty. Siku moja amesimama mbele ya kioo cha kujaribia nguo, akaniuliza, "Dada, mbona kwenye picha zako mie natakata, hapa sitakati?" Nilijibu kwa mzaha, nikasahau. Baada ya mwezi nikaanza kusikia harufu ya krimu, na vifundo vya vidole vyake vikawa vyeusi kuliko mkono. Alikuwa amenunua kopo lisilo na lebo, akipaka usiku. Haya makopo ndiyo yanayobeba zebaki na haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na aliyeuza hakumwambia chochote.

Sisemi filta ndiyo iliyomnunulia krimu. Mitaani maneno ya weupe yapo kabla ya simu. Lakini picha zile nilizipiga mie, na kila siku zilimwonyesha uso wake ukiwa umefunguliwa rangi, na mie nikimsifu, "Umetoka vizuri."

Tulikaa wote wawili, nikamfungulia kamera, nikampiga moja Beauty ikiwa juu na nyingine ikiwa imezimwa, nikaziweka sambamba. Alizitazama kwa muda. Akanionyesha kitu ambacho mie sikukiona: kwenye ile ya filta, chale ndogo mbili alizochanjwa utotoni pembeni ya jicho, bibi yake anazo kama hizo, zilikuwa zimefutika. Krimu ameacha, kwa kadiri ninavyojua. Vidole bado.

Yule dada wa Mwanakwerekwe alinirudia mwezi uliopita. Anataka gauni la harusi ya mdogo wake, rangi ya maji ya bahari. Akaniomba nimtumie picha ya kitambaa kikiwa mkononi mwangu, dirishani, siyo usoni. Nikamtumia mbili, ya asubuhi na ya alasiri, kwa sababu rangi ile inabadilika na mwanga, na nikamwandikia hivyo hivyo. Amechagua, ametanguliza nusu.